Kidonda Kilipona, Kaswende Ikabaki

Mwanamume anapoona kidonda kwenye uume wake, mara nyingi si mkewe wala tabibu anayekuwa wa kwanza kujua, bali ni muuzaji wa duka la dawa, naye huambiwa nusu tu ya habari. Huambiwa kuna "kamchubuko" au "fangasi", kisha mwanamume hurudi nyumbani na vidonge ndani ya karatasi na hofu ile ile aliyotoka nayo. Hapa Moshi nimesikia habari ya namna hii mara nyingi, na nimeona kwamba woga wa kupima, woga wa kumgusa mke na woga wa kusema huwa na mzizi mmoja: mtu hajui kile kidonda ni cha nini, kwa hiyo hajui atasema nini. Nitaeleza hasa kaswende, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wanaume kuliko magonjwa mengine ya namna hii, kisha nitaonyesha inavyotofautiana na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo wengi huyaita hepesi, na masundosundo.

Kidonda cha kwanza cha kaswende kina tabia ambazo mtu anaweza kuzitambua. Kwa kawaida huwa kimoja, huwa na umbo la duara, kingo zake ni ngumu kama gegedu la sikio, na sehemu yake ya kati ni safi, haina usaha. Jambo kubwa ni kwamba hakiumi. Kinenani hujitokeza tezi moja au zaidi, ngumu kidogo, nazo pia haziumi. Kidonda hujitokeza kati ya siku 10 na siku 90 baada ya maambukizi, na mara nyingi katika wiki ya tatu. Baada ya wiki 3 hadi 6 hufunga chenyewe, uwe umetumia dawa au hukutumia. Hapo ndipo udanganyifu unapoanza, kwa maana chochote ambacho mtu alikitumia katika wiki hizo, iwe ni dawa ya zambarau ya jivii, maji ya chumvi au mizizi aliyouziwa sokoni, kitasifiwa kuwa ndicho kilichomponya.

Chukua kisa hiki, ambacho nimekiunganisha kutokana na visa kadhaa ili asitambulike mtu yeyote. Mwanamume wa miaka 34 ni fundi magari anayefanya kazi upande wa Njoro na kuishi Pasua na mkewe na mtoto mmoja. Katikati ya Aprili alimsindikiza mkewe, aliyekuwa na ujauzito wa wiki 10, kwenye kliniki ya wajawazito, na wote wawili wakapimwa VVU na kaswende kwa tone la damu la kidoleni. Majibu yao yalikuwa hasi. Tarehe 2 Juni alikwenda Arusha kutafuta vipuri, akalala huko, na usiku huo alikutana na mwanamke mwingine bila kondomu. Tarehe 25 Juni, akiwa anaoga, aliona kidonda kidogo chini ya kichwa cha uume.

Kwa mwezi mzima hakumgusa mkewe. Alisema mgongo unamuuma kwa kuinama chini ya magari, akawa anachelewa kurudi, na mara nyingine alilala sebuleni na kuacha televisheni ikiwaka. Mke alidhani mumewe amechukizwa na tumbo lake linalokua, wakati mume alikuwa akiogopa kumwambukiza. Upo uzito mwingine ambao wanaume huutaja kwa sauti ya chini sana wakiulizwa kwa upole: hata walipotaka kuwa karibu na wake zao, mwili haukuitika. Hilo si dalili ya kaswende katika hatua hii. Ni kazi ya hofu, kwa maana mtu anayejichunguza kila dakika hawezi kujisahau kitandani.

Mwishoni mwa Julai kidonda kilifunga, na bwana huyu akamrudia mkewe kwa furaha ya mtu aliyesamehewa. Aibu ilikuwa imemweka mbali na mkewe wakati wa kidonda, jambo ambalo kwa bahati lilimkinga mke, lakini kupona kwa kidonda kukamrudisha kitandani wakati vijidudu vilikuwa tayari vimeingia kwenye damu na kusambaa mwilini. Hatua ya pili ya kaswende nayo huambukiza sana. Yeye kwa akili yake alikuwa amepona, na hakuwa na lolote la kumwambia mtu.

Tarehe 10 Agosti, alipokuwa akisugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga, aliona madoa ya rangi ya kahawia iliyoiva kwenye viganja vyote viwili, mengine yakiwa na ngozi nyembamba inayobanduka pembezoni. Hayakuwasha. Alidhani ni mzio wa oili chafu, hadi alipovua viatu na kuyakuta pia kwenye nyayo, ambazo hazijawahi kugusa oili. Upele usiowasha unaotokea viganjani na kwenye nyayo kwa pamoja, wiki chache baada ya kidonda cha sehemu za siri, ni ishara ambayo tabibu yeyote atauliza habari ya kaswende kabla ya jambo lingine lolote. Huweza kufuatana na homa ndogo, koo kuuma, nywele kunyonyoka kwa mabaka, na vinundu bapa vyenye unyevunyevu kwenye mikunjo ya sehemu za siri. Vinundu hivyo ndivyo vinavyofananishwa na masundosundo, na nimewahi kumwona mtu aliyevipaka dawa ya kuunguza masundosundo huku kaswende ikiendelea ndani.

Hapa pana suala la kupima, nalo lina mitego miwili. Mtego wa kwanza uko kwenye neno lenyewe. Kwetu, mtu akisema "nimepima" anamaanisha VVU, na huamini kwamba jibu hasi limefuta kila kitu. Kipimo cha VVU hakisemi chochote kuhusu kaswende, isipokuwa kiwe kile cha pamoja kinachopima yote mawili, kama wanachotumia kliniki za wajawazito. Mtego wa pili ni muda. Kipimo cha damu hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya kaswende, na kinga hiyo inaweza kuchelewa kuonekana hata wakati kidonda kimeshatokea. Bwana huyu angepima siku ya tatu ya kidonda angeweza kabisa kupata jibu hasi, na angeondoka na cheti cha uongo mfukoni. Ndiyo maana anayefika na kidonda hutibiwa kwa kuangaliwa dalili zake, bila kusubiri damu ikubali, na hupewa tarehe ya kurudia kipimo baada ya wiki chache.

Kuna vipimo vya aina mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa maisha ya ndoa kuliko watu wanavyodhani. Kipimo cha haraka hutambua kwamba mwili umewahi kukutana na kaswende, na kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya tiba kamili. Kipimo cha pili huitwa RPR, nacho hutolewa kwa kiwango kama 1:8 au 1:64, maana yake damu imezimuliwa mara ngapi na bado ikaitika. Hiki ndicho hupanda ugonjwa unapokuwa hai na kushuka unapotibiwa. Fundi wetu alikuwa chanya kwenye kipimo cha haraka, na RPR yake ilikuwa 1:64. Alipimwa VVU pia, kwa sababu kidonda cha sehemu za siri hurahisisha VVU kuingia, na ingawa jibu lilikuwa hasi aliambiwa arudie baada ya miezi 3.

Tiba ya kaswende ya mapema ni sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, mara moja tu. Dawa ni nzito na nyeupe kama maziwa, hivyo hugawanywa nusu kwa nusu kwenye makalio mawili, na inauma. Mtu huombwa kukaa kituoni karibu nusu saa ili aangaliwe kama ana mzio. Kama maambukizi yamekaa mwilini muda mrefu au muda wake haujulikani, sindano huwa 3, moja kila wiki. Asiyeweza kutumia penisilini hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14, lakini dawa hiyo haimfai mjamzito. Vidonge vichache vya rangi mbili alivyouziwa mtu kwa siku tatu havitoshi kumaliza ugonjwa huu.

Usiku wa siku ya sindano, fundi alitetemeka kwa homa, kichwa kikamuuma na upele ukakoza rangi. Alidhani sindano imemdhuru na akaapa kutorudi. Laiti angeambiwa mapema: vijidudu vinapokufa vingi kwa mara moja, mwili huitikia kwa homa ya namna hiyo ndani ya saa chache, nayo hupoa ndani ya saa 24 kwa parasetamoli na maji ya kunywa. Mzio wa kweli wa penisilini huonekana kwa namna nyingine, yaani kuvimba midomo na uso, vipele vya kuwasha vinavyovimba na pumzi kubana, na kwa hayo mtu hukimbizwa kituoni pale pale.

Sasa kuna mke, mwenye ujauzito wa wiki 28 kufikia katikati ya Agosti. Kaswende hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni, na uzito wake ulipimwa hapa hapa Tanzania. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa wajawazito wenye kaswende hai ya kiwango cha juu ambao hawakutibiwa, karibu mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Utafiti mwingine wa watafiti hao hao ulionyesha pia kwamba waliopata sindano moja ya penisilini walifikia hali sawa na wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa. Kwa hiyo katika nyumba hii ya Pasua, ukimya wa wiki tatu ungekuwa jambo la mtoto kuishi au kutoishi.

Fundi alijitetea kwa hoja ambayo wengi huitoa: "Mke wangu alipimwa kliniki, yeye ni mzima." Ni kweli alipimwa, lakini Aprili, na jibu la Aprili haliwezi kushuhudia kilichotokea Juni. Alipopimwa tena Agosti jibu lake lilikuwa hasi pia, na bado alichomwa sindano. Wapo wanaoona hilo kama uonevu, lakini sababu yake ni ule muda niliousema: aliyelala na mwenye kaswende ya mapema ndani ya siku 90 zilizopita anaweza kuwa ameambukizwa na kipimo kisione bado. Kwa mjamzito hakuna kusubiri. Aliambiwa pia kwamba akipata homa baada ya sindano, akasikia tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza, asikae nyumbani, aende hospitali. Sindano iliyotolewa zaidi ya siku 30 kabla ya kujifungua ndiyo inayohesabiwa kumkinga mtoto vizuri, na yeye alikuwa na wiki 12 mbele yake. Hata hivyo mtoto akizaliwa huchunguzwa.

Nimefika kwenye lililo gumu kuliko sindano, yaani kusema. Wanaume wengi hutafuta maneno ya kuzunguka, na lililo la kawaida zaidi ni "ni maambukizi tu kwenye damu, tuchomwe wote". Sikubaliani nalo. Mke ataona kadi, muuguzi atataja ugonjwa kwa jina lake, na uongo wa pili utamuumiza kuliko kosa la kwanza. Zaidi ya hapo, kaswende ina tarehe zake. Ukihesabu kutoka kidonda cha 25 Juni, maambukizi yaliingia kati ya 27 Machi na 15 Juni, na mke ana majibu hasi mawili. Mwanamume anayesema "huenda wewe ndiye uliyeniletea" anapingwa na kalenda, na anamtwika mjamzito shutuma isiyo yake.

Fundi huyu aliomba kuzungumza na mkewe ndani ya chumba cha ushauri, muuguzi akiwepo, na nadhani hiyo ni njia nzuri panapokuwa na hofu ya fujo au ya mmoja kuondoka kabla hajasikia habari ya tiba. Alisema hivi, na ninayaandika kwa sababu mpangilio wake ulikuwa mwema: "Mama watoto, nimekutwa na kaswende. Niliipata mimi, Juni, nilipokwenda Arusha. Inatibika kwa sindano na nimeshachomwa jana. Wewe na mtoto mnatakiwa kuchomwa leo. Nilikaa mbali na wewe kwa ajili ya kidonda, haikuwa kwa ajili ya tumbo lako." Mke hakujibu kwa muda, kisha akamuuliza muuguzi, si mumewe: "Mtoto atapona?" Sindano ikatangulia, na hasira, ambayo ilikuwa haki yake, ikapata wakati wake nyumbani wiki zilizofuata. Yule wa Arusha naye alipaswa kujua. Alipigiwa simu na kuambiwa aende kituoni kutibiwa kaswende, bila matusi na bila kuulizwa aliipata kwa nani.

Baada ya hapo walijizuia tendo la ndoa kwa wiki mbili, hadi madoa yote yakauke na wote wawe wametibiwa. Siku hizo zina faida nyingine, kwa sababu mwanamume aliyekuwa akiukimbia mguso hupata nafasi ya kukaa karibu na mkewe bila kudaiwa chochote, na mara nyingi ule mwili uliogoma huitika wenyewe hofu ikishapata jina na tarehe ya kwisha.

Malengelenge ya sehemu za siri ni habari nyingine. Huanza kwa kuchonyota au kuwaka moto, kisha vilengelenge vidogo vingi kwa pamoja, ambavyo hupasuka na kuacha vidonda vya juu juu vinavyouma sana. Hupona, kisha hurudi mahali pale pale au karibu napo, kwa sababu virusi vyake hujificha kwenye mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo. Wengine huchanganya jina na kudhani ni mkanda wa jeshi, ambao husababishwa na kirusi kingine. Asaiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10 kwa shambulio la kwanza, hufupisha maumivu lakini haiondoi virusi. Hapa kalenda haisaidii: shambulio la kwanza linaloonekana linaweza kuja miaka mingi baada ya maambukizi, na mtu anaweza kuambukiza hata siku ambazo ngozi haina alama. Kwa hiyo mwanamume mwenye hepesi hawezi kumwambia mkewe kwa haki kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa juzi. Anachopaswa kumweleza ni kwamba watajizuia tangu mwasho wa kwanza hadi ngozi ikauke kabisa, kwamba kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, na kwamba mke akiwa mjamzito, hasa katika miezi 3 ya mwisho, uangalifu uongezwe, kwa kuwa maambukizi mapya wakati huo ndiyo ya hatari zaidi kwa mtoto.

Masundosundo si vidonda kabisa, bali ni vinyama vidogo, vikavu, mithili ya koliflawa, vinavyoletwa na virusi vya papiloma aina ya 6 na 11 kwa sehemu kubwa. Aina hizo mbili si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi. Navyo vinaweza kujitokeza miezi mingi baada ya maambukizi, hakuna kipimo cha damu cha kuvigundua, na huondolewa kwa kupakwa dawa, kugandishwa au kuchomwa, ingawa huweza kurudi. Wanaume wengine hutishwa na vipunje vidogo vilivyojipanga sawasawa kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Hivyo ni maumbile, havihitaji dawa, na vijana wengi wameacha kuoa kwa ajili yake bure.

Anayeshindwa kutofautisha asijilaumu, maana hata macho yaliyozoea hukosea. Moshi ina bahati katika hili: tangu mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha kikanda kinachofundisha matabibu wa ngozi na magonjwa ya zinaa kutoka nchi nyingi za Afrika, na kuvua nguo mbele ya mtu aliyefundishwa kuangalia vidonda hivyo kila siku si sawa na kujieleza dirishani mwa duka la dawa huku watu wamepanga foleni nyuma yako.

Februari mwaka uliofuata, fundi alirudi kupima RPR. Ilikuwa 1:8. Kushuka hadi 1:16 tu ndani ya miezi 6 hadi 12 kungetosha kusema tiba imefanya kazi. Kama ingebaki pale pale au kupanda, angechunguzwa upya na kutibiwa tena. Muuguzi aliandika kwenye kadi tarehe ya sindano, kiwango cha kwanza na kiwango cha pili, akamwambia aitunze pamoja na cheti cha ndoa. Siku atakapopimwa tena kwa kipimo cha haraka, pengine kwenye kliniki ya ujauzito mwingine wa mkewe, kipimo kitaonyesha kaswende, na kadi hiyo ndiyo itakayomwonyesha mkewe na mpimaji kwamba ni ile ile ya Juni.